Tarehe 25 na tarehe 3: nilivyougawa mshahara wangu kwenye akaunti tofauti

Julai 2022 nilipokea shilingi 120,000 kwa korosho ambazo zilikuwa bado hazijazaliwa. Shamba ni la mama, ekari tatu, huko Nanyamba. Mama hana nguvu tena za kusimamia, kwa hiyo mjomba ndiye anayeliangalia na mimi ndiye ninayetoa fedha. Maua yalikuwa yanachipuka. Anayelijua zao hili anajua kwamba ugonjwa wa ubwiri unga haumsubiri mtu: ukishayavamia maua kabla salfa haijapulizwa, korosho hazishiki. Salfa yenyewe tuligawiwa kupitia chama cha msingi cha ushirika, lakini fundi wa bomba la kupulizia anataka ujira wake na bomba linataka petroli. Mjomba alipiga simu akasema, "Mpwa wangu, wenzetu wameshapuliza mara ya kwanza. Sisi tunasubiri nini?"

Tulikuwa tunasubiri mshahara wangu, na mshahara ulikuwa umeshaisha. Basi nikaingia kwenye kile ambacho sisi watu wa kusini tunakiita kangomba. Nilichukua fedha za mtu kwa ahadi ya kumpa kilo 100 msimu ukifika, yaani shilingi 1,200 kwa kilo. Serikali imepiga marufuku biashara hii na nilijua hivyo. Msimu ulipofika, majirani zangu walilipwa zaidi ya 1,600 kwa kilo baada ya makato ya chama. Mimi kilo zangu 100 zilikuwa zimeshaondoka. Nilipoteza si chini ya shilingi 40,000 kwa kukosa shilingi 120,000 za kutumia miezi minne tu. Usiku ule niliopiga hesabu hiyo nililia, kwa sababu fedha ile haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa ya mama.

Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye mshahara wa kawaida kama wangu, ambaye shida yake haitoki kwenye matumizi ya kila siku. Inatoka kwenye gharama kubwa zinazokuja mara moja au mbili kwa mwaka.

Mimi ni nesi kwenye zahanati ya binafsi hapa Mtwara mjini, naishi Chuno na watoto wawili. Wakati ule mshahara wangu ulikuwa 750,000. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 75,000, na PAYE inachukua 51,000, kwa hiyo mkononi zinafika 624,000. Nilikuwa na gharama tatu ambazo kila mwaka zilinikuta sina kitu. Kodi ya nyumba ni 70,000 kwa mwezi lakini inalipwa miezi sita kwa mkupuo, yaani 420,000. Shamba linataka kama 300,000 kwa mwaka: palizi ekari tatu kwa 40,000 kila moja, halafu kupuliza mara tano, na kila mara ujira na petroli vinafika 36,000. La tatu lilikuwa linakuja. Binti yangu mkubwa alikuwa anaingia darasa la saba mwaka 2023, na nilijua Januari 2024 fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza itakuja na orodha yake: godoro, sanduku, shuka, neti, ndoo, sare, viatu, na nauli. Nilikadiria 360,000.

Fedha za korosho za Desemba zikanisaidia kulipa kodi tarehe 1 Februari 2023, mpaka mwisho wa Julai. Nikaona sasa nina nafasi ya kuanza upya. Nikaenda benki.

Nilifungua akaunti tano siku moja, mbali na ile ya mshahara: ya kodi, ya shamba, ya shule, ya dharura, na ya kiwanja. Kiwanja kilikuwa ndoto yangu ya siku nyingi, kipande upande wa Naliendele. Kisha nikajaza fomu za maagizo ya kudumu, ambayo pale benki wote wanayaita standing oda. Fomu inauliza mambo machache: fedha zitoke akaunti ipi, ziende ipi, kiasi gani, kila baada ya muda gani, zianze tarehe ngapi na ziishe tarehe ngapi. Nikaandika kodi 70,000, shamba 25,000, shule 30,000, dharura 25,000, kiwanja 150,000. Jumla 300,000. Zote tarehe 25 ya kila mwezi, kwa kuwa tangu utotoni nimesikia mshahara ni tarehe 25. Mwisho wake nikaandika 31/12/2023, kwa sababu nilikuwa nawaza mwaka mmoja. Dada wa benki aliniuliza, "Una uhakika na tarehe?" Nikamjibu kwamba ninao.

Kila kimoja kati ya vitu nilivyoandika siku ile kilikuja kuniumiza kwa wakati wake.

La kwanza lilikuwa tarehe. Tarehe 25 Februari 2023 ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo maagizo yalitekelezwa Jumatatu tarehe 27. Mshahara wetu mwezi ule uliingia Jumanne tarehe 28. Kwenye akaunti kulikuwa na shilingi 98,000 nilizokuwa nimebakiza kwa chakula cha siku za mwisho. Benki ikachukua 70,000 ya kodi, ikachukua 25,000 ya shamba, ikaacha 3,000. Agizo la shule halikupata fedha za kutosha, likashindikana. La dharura likashindikana, la kiwanja likashindikana. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba agizo likikuta salio pungufu halichukui kidogo kilichopo na kudai kingine baadaye. Linaanguka lote. Na kwa benki yangu halikurudiwa kesho yake mshahara ulipoingia. Lilisubiri mwezi unaofuata kana kwamba hakuna kilichotokea, isipokuwa kila lililoshindikana lilitozwa 5,000. Hiyo 15,000 ilikatwa mara tu mshahara ulipotua.

Mimi nilikuwa nimeona meseji mbili za fedha kutoka, nikafurahi nikidhani mambo yanakwenda. Niligundua katikati ya Machi nilipochukua stetimenti. Kwa hiyo ukianza, hesabu meseji. Kama una maagizo matano na zimekuja meseji mbili, usisubiri, nenda tawini siku hiyo hiyo.

Machi mshahara uliwahi na maagizo yote matano yalipita. Hapo ndipo lilipokuja la pili. Nilibaki na 324,000 kwa mwezi mzima, na Ramadhani ilikuwa imeanza. Futari, sukari, tende, mihogo, nazi, wageni wa jioni, nguo za Iddi za watoto. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nimekwenda kwenye ATM na kadi ya akaunti ya kiwanja. Nikatoa 50,000. Baada ya siku chache nikarudi tena. Kila kutoa kulikuwa na makato yake. Iddi ilipofika akaunti ya kiwanja ilikuwa tupu, nami nilikuwa naona aibu kuitazama. Nilijiona sina nidhamu. Baadaye nilipotulia na daftari nikaona kwamba nidhamu haikuhusika sana: nilikuwa nimepanga kuhamisha karibu nusu ya mshahara bila kujua nyumba yangu inakula kiasi gani. Kiasi kile hakingewezekana mwezi wowote, Ramadhani au siyo.

La tatu lilikuwa dogo na la kimya. Kila akaunti kati ya zile tano ilikuwa inakatwa 1,800 ya uendeshaji kila mwezi. Tano ni 9,000. Kwa miezi mitatu, Februari hadi Aprili, ni 27,000. Ukiongeza ile 15,000 ya maagizo yaliyoshindikana, nilikuwa nimeilipa benki 42,000 ili initunzie akiba ambayo sikuwa nayo. Hiyo ni karibu sawa na nilichopoteza kwenye kangomba.

Jumatatu baada ya Iddi nikarudi benki nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa nimechukua stetimenti ya miezi 12 na kuzungushia kalamu kila siku mshahara ulipoingia. Ulikuwa umeingia mapema kabisa tarehe 24, na umechelewa kabisa tarehe 2 ya mwezi uliofuata. Hicho ndicho kitu ambacho ningemwomba kila mtu akifanye kabla ya kugusa fomu. Usiulize mshahara unatakiwa uingie lini. Tazama umeingia lini kweli, chukua ile tarehe iliyochelewa kuliko zote, kisha ongeza siku moja. Kwangu ilikuwa tarehe 3. Nilimwuliza mhasibu wetu kama angeweza kuugawa mshahara wangu kwenye akaunti mbili moja kwa moja, ili fedha ya malengo isipite mikononi mwangu kabisa. Akasema mfumo wao unakubali akaunti moja kwa mfanyakazi. Wapo waajiri wanaoweza, kwa hiyo kuuliza ni muhimu.

Dada wa benki yule yule akanisaidia kupanga upya. Tulifunga akaunti ya kiwanja. Ya shamba na ya shule tukaziunganisha ziwe moja, nikaiita ya msimu, na mgawanyo wake nikawa nauandika kwenye daftari. Ya kodi na ya msimu tukazihamishia kwenye aina ya akaunti ya malengo isiyo na makato ya mwezi. Aina hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza ila sikuiulizia. Haina kadi. Nikaomba pia zote mbili zisiunganishwe na huduma ya benki kwenye simu yangu, ili kutoa fedha kuwe na safari ya kwenda tawini na foleni yake. Ya dharura peke yake ndiyo niliyoiacha kwenye simu, kwa sababu mtoto akiugua saa nane usiku siwezi kusubiri tawi lifunguliwe.

Halafu tukatenganisha tarehe. Kodi tarehe 3, msimu tarehe 4, dharura tarehe 5. Sababu ni hii: maagizo yakiwa siku moja, mfumo ndio unaochagua lipi litangulie, na siku fedha zikipungua unaweza kukuta dharura imepata na kodi imekosa. Tarehe zikitofautiana, wewe ndiye unayechagua. Kiasi kikabaki kile kile isipokuwa kiwanja: 70,000, kisha 55,000 ya msimu, kisha 25,000. Jumla 150,000, chini kidogo ya robo ya mshahara. Nikabaki na 474,000.

Hizo 474,000 nilizigawa kwa wiki. Kila Jumatatu nahamishia 75,000 kwenye simu, na hiyo ndiyo ya sokoni, daladala, bando na mengine. Nalipa kwa lipa namba inapowezekana, maana kutoa kwa wakala kuna makato ya pili juu ya yale ya kuhamisha. Hapa nilikosea mara moja tu: nilihesabu mwezi una wiki nne. Mei 2023 ilikuwa na Jumatatu tano, na ile ya tano ilinikuta na 20,000. Sasa napanga kila mwezi kama una Jumatatu tano, yaani 375,000. Inayobaki ni 99,000, humo natoa 40,000 ya mama, 25,000 ya umeme na maji, 20,000 ya kikoba, na 14,000 ya makato ya hapa na pale. Mwezi wa Jumatatu nne ile 75,000 ya ziada inabaki kwenye akaunti ya mshahara kwa ajili ya michango ya harusi na unyago. Anayeishi huku anajua watoto wakifunga shule kadi za mwaliko zinavyokuja.

Nilidhani sasa nimemaliza. Lakini kuhamisha tarehe kutoka 25 kwenda 3 kulikuwa kumefanya jambo ambalo sikuliona. Kodi ilitakiwa tarehe 1 Agosti. Michango sita ya 70,000 inafanya 420,000, na kutoka Februari hadi Julai ni miezi sita, kwa hiyo nilitembea kifua mbele. Mwisho wa Julai nikaenda tawini kutoa fedha, nikakuta 350,000. Nilimwambia dada yule kuna fedha imepotea. Akanichapishia stetimenti tukaisoma pamoja: Februari 27, Machi 27, Mei 3, Juni 5, Julai 3. Mitano. Mchango wa mshahara wa Aprili uliingia Mei, wa Mei ukaingia Juni, na ule wa sita, wa mshahara wa Julai, ungeingia Agosti 3, siku mbili baada ya kodi kutakiwa.

Nilikwenda kwa mama mwenye nyumba na moyo mzito. Nikamweleza ukweli wote na nikampa 350,000 pale pale. Akasema, "Mwanangu, siku tatu si kitu. Ungeninyamazia ndiyo ningekasirika." Nilimalizia tarehe 4. Siku hiyo nilimwomba tusogeze tarehe ya kodi iwe 5 moja kwa moja, akakubali, tukaiandika kwenye mkataba. Tangu hapo nikiweka lengo lolote sihesabu miezi. Naandika tarehe kamili ambayo kila mchango utaingia, mpaka siku ya kulipa, kisha nahesabu mistari.

Hesabu hiyo ya mistari ndiyo iliyoniokoa shambani, ingawa mwaka wa kwanza nilichelewa kuijua. Mwezi Mei 2023 mjomba alitaka 120,000 za palizi. Mimi nilikuwa nimegawa 300,000 kwa miezi 12, nikapata 25,000, nikaona ni sahihi. Lakini nilianza Februari, na katikati ya Mei shamba lilikuwa na michango mitatu tu, yaani 75,000. Mwaka mzima fedha zingetosha, ila mwezi Mei hazikutosha. Tulipalilia ekari mbili zenye mikorosho inayozaa vizuri kwa 80,000, zile 5,000 zilizopungua nikatoa kwenye posho ya wiki, na ya tatu tukaiacha mpaka Juni. Kwenye kupuliza nilipungukiwa tena, nikatumia dharura mara mbili. Sikuchukua fedha ya mtu. Hilo nililishukuru, lakini sikutaka kurudia.

Septemba 2023, kabla msimu haujafunguliwa, nikakaa na daftari na kuuandika mwaka mzima wa shamba, mwezi kwa mwezi, fedha inayoingia na inayotoka. Kuanzia mchango wa Septemba hadi wa Mei ni mistari tisa, 225,000. Palizi ya Mei inatoa 120,000, zinabaki 105,000. Juni inaingia 25,000, zinakuwa 130,000. Tukipuliza kila baada ya wiki tatu kuanzia mwanzo wa Juni, Juni ina mara mbili, zinatoka 72,000, zinabaki 58,000. Julai inaingia 25,000 na inatoka mara moja 36,000, zinabaki 47,000. Agosti inaingia 25,000, zinakuwa 72,000, na mara mbili za mwisho zinachukua 72,000. Sifuri kamili. Niliirudia hesabu ile mara tatu nikidhani nimekosea. Fedha ni zile zile 25,000 za mwezi, zile zile 300,000 za mwaka. Kilichobadilika ni kuanza Septemba badala ya Februari. Ukitaka kujua kama lengo lako litasimama, usiishie kwenye kugawa jumla kwa miezi. Pita na salio mwezi kwa mwezi na uangalie kama kuna mahali linashuka chini ya sifuri. Likishuka, una njia tatu: uanze mapema, uongeze mchango wa miezi ya mwanzo, au uweke kianzio. Kama ningekuwa nimeanza Februari tena, ningetenga kianzio kutoka fedha za korosho za Desemba.

Shule ya binti ilikuja Januari 2024. Michango iliyopita ilikuwa tisa, kwa sababu ule wa Februari ulianguka na Aprili ilirukwa, kwa hiyo nilikuwa na 270,000 badala ya 360,000. Tisini nyingine ilitoka kwenye korosho. Nilimpeleka mwenyewe mpaka bwenini, na godoro lake jipya juu ya basi. Sikukopa hata shilingi.

Ila katika furaha hiyo lile la mwisho nililoandika kwenye fomu likafika wakati wake. Mwanzoni mwa Januari niliona akaunti ya mshahara ina nafasi. Nilinunua vitu vya nyumba, nikampa mama zaidi ya kawaida, nikadhani ni baraka za korosho. Tarehe 20, nikiwa najaza daftari, nikakuta mstari wa Januari uko wazi. Nikarudi nyuma kwenye meseji. Hakuna ya tarehe 3, hakuna ya 4, hakuna ya 5. Tulipobadilisha tarehe mwezi wa nne, mwisho wa maagizo ulibaki ule ule niliouandika mimi: 31/12/2023. Yalikuwa yameisha kihalali, na benki haikuwa na sababu ya kunijulisha. Kwa kuwa akaunti za kodi na msimu hazikuwa kwenye simu yangu, sikuwa na mahali pa kuona salio halikuongezeka. Ulinzi nilioujenga dhidi yangu mwenyewe ulikuwa umenifumba macho.

Jumatatu tarehe 22 nilikwenda tawini. Nikajaza fomu upya, safari hii pale pa mwisho nikaandika mpaka nitakapotoa taarifa nyingine, jambo ambalo fomu inaruhusu. Za Januari nikazihamisha kwa mkono: 70,000 ya kodi na 25,000 ya shamba. Fungu la shule la mwezi ule niliruka, kwa kuwa nilikuwa nimeshazila. Sasa tarehe 6 ya kila mwezi kengele ya simu yangu inalia saa moja asubuhi, nami nahesabu meseji tatu kabla sijatoka kwenda zamu. Akaunti ya mshahara ikinionyesha nafasi nisiyoielewa, kitu cha kwanza ninachofanya ni kutazama kama agizo limepita.

Kuhusu viwango, vile nilivyotaja ni vya akaunti zangu na vya wakati ule. Benki yako itakuwa na vyake. Maswali ya kuuliza ndiyo hayabadiliki. Agizo likikosa salio mnatoza kiasi gani, na je, linarudiwa kesho yake? Likiangukia Jumapili au sikukuu linatekelezwa lini? Akaunti hii inakatwa kila mwezi? Mnayo isiyokatwa? Omba uonyeshwe kwenye karatasi yao ya tozo, usiridhike na jibu la mdomo.

Kiwanja bado sijanunua. Mwaka 2024 nilianza tena, 20,000 tu, kwenye agizo la tarehe 6, baada ya mengine yote kupita. Mwezi mshahara ukipungua hilo ndilo litakaloanguka, na nimekubali liwe hivyo.

Jumamosi ya kwanza ya Juni mjomba alipiga simu alfajiri. Nilisikia bomba linanguruma nyuma ya sauti yake. "Mpwa wangu, mafundi wameshafika. Ile ya petroli nimeitoa mfukoni mwangu kwa sasa." Nikamwambia asitoe, kwamba fedha ya mara mbili zote za Juni nilishaichukua tawini tangu Alhamisi na iko kwenye simu, 72,000 yake imekaa. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza nimeiuza korosho kwa nani.

"Hajauziwa mtu, mjomba," nikamwambia. "Zote bado ziko kwenye mti."